Ujumbe wa kazi uishie saa za kazi

SWALI: Natumia iPhone. Ujumbe wa ofisini unanifuata hadi usiku, lakini nikizima sauti naikosa simu ya mama, ambaye ni mgonjwa. Nifanyeje?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Fungua Settings, Focus, kisha Personal. Kwenye Apps chagua Silence Notifications From, uongeze programu za kazi tu, kwa mfano Outlook na Teams. Hivyo kwa upande wa programu zinanyamaza hizo peke yake. Weka ratiba ya kila siku kuanzia 17:00 hadi 08:00, yaani saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi. Ongeza nyingine ya Jumamosi na Jumapili, 08:00 hadi 17:00, la sivyo mchana wa wikendi utabaki wazi.

Kwa mama, fungua jina lake kwenye Contacts, bonyeza Edit, ingia Ringtone, uwashe Emergency Bypass. Simu yake italia hata ukiwa umezima sauti kabisa, kwa hiyo wape nafasi hiyo wachache mno. Ujumbe mfupi una swichi yake ndani ya Text Tone.

WhatsApp ndiyo yenye utata, kwa sababu bosi na mama wamo humo humo. Usiinyamazishe, nyamazisha kundi la kazi ndani yake. Ila Emergency Bypass haifiki WhatsApp, hivyo mwambie mama kwamba kukiwa na dharura apige simu ya kawaida. Jaribuni leo usiku.