Kuingiza Sauti ya Kiswahili kwenye Makala ya Kigeni: Mwongozo kwa Vikundi vya Mwandoya

Mwongozo huu unawahusu wanaotayarisha makala za kilimo kutoka nje ili zionyeshwe kwa wakulima wa pamba wa Mwandoya, wilayani Meatu. Watazamaji wetu wengi wamekulia kwenye mabanda ya video na wanamjua marehemu Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa maneno yake huku akichombeza vionjo. Mtindo ule ni burudani nzuri, lakini haufai pale ambapo mtu atatoka hapo akaenda kupiga dawa shambani. Kazi hii iko karibu zaidi na ile ya tamthilia ya Kichina Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyorushwa na TBC mwaka 2011, ambapo kila mhusika alipewa sauti yake.

Kabla ya kutafsiri lolote, mwombe mwenye makala akupe sauti za mazingira na muziki peke yake, bila maneno. Akiwa hana, usihangaike kulinganisha sauti na midomo. Acha msemaji asikike kwa sekunde moja au mbili, kisha shusha sauti yake na umweke msomaji juu yake. Ukizipata sauti hizo, pitia makala yote na uweke alama kwenye sura zinazoonekana kwa karibu. Hizo ndizo za kulinganisha na mdomo. Msimulizi asiyeonekana, au mtu aliyegeuka kuonyesha mmea, anahitaji tu kuanza na kumaliza kwa wakati.

Tuchukue mfano wa mkulima anayeongea na kamera kwa sekunde tano. Tafsiri ya kwanza inatoka hivi: “Iwapo hatutakuta zaidi ya funza watano wa vitumba katika mimea thelathini tuliyoikagua, hatupulizi dawa yoyote ya kuua wadudu.” Hesabu silabi: ni 55. Msomaji anayesikika vizuri hutoa silabi sita hivi kwa sekunde, kwa hiyo nafasi iliyopo ni ya silabi 30. Kumharakisha msomaji si dawa. Hapa Usukumani wazee wengi hufuata Kiswahili vizuri kikisemwa polepole, na namba ndizo hupotea kwanza.

Wengi hukimbilia kukata hivi: “Kama hakuna funza, hatupulizi dawa.” Inaingia bila shida, tena nafasi inabaki, lakini ni kosa kubwa kuliko mdomo kupishana na sauti. Msemaji hakusema hakuna funza. Alisema wasizidi watano. Mkulima akisikia tafsiri hiyo iliyokatwa atapiga dawa akiona funza mmoja tu. Kwa hiyo, kabla ya kupunguza neno, pigia mstari yasiyoguswa: hapa ni funza wa vitumba, kikomo cha watano, mimea thelathini, na ukanushi. “Tuliyoikagua” inaweza kuondoka kwa sababu picha inamwonyesha akikagua. “Ya kuua wadudu” nayo inajulikana.

Tunabaki na: “Funza wa vitumba wasipozidi watano kwa mimea thelathini, hatupigi dawa.” Silabi 28. “Hatupigi dawa” ndivyo wakulima wenyewe wanavyosema, na inapunguza silabi moja kwenye “hatupulizi dawa”.

Sasa tazama mdomo. Huhitaji kufuata kila herufi. Tafuta tu pale midomo inapofumba kabisa, yaani kwenye m, b na p, halafu f na v, ambapo meno hugusa mdomo wa chini. Mkulima wetu akifumba midomo karibu na mwisho, p ya “hatupigi” inaweza kuangukia hapo msomaji akivuta kidogo “thelathini”. Shida ya Kiswahili ni kwamba maneno yake karibu yote huishia na irabu. Msemaji akimaliza midomo ikiwa imefumba, malizia irabu kabla haijafumba, wala usiiache ielee.

Video nyingi huku zina picha 25 kwa sekunde. Sauti ikitangulia mdomo kwa picha mbili, jicho linashtuka. Ikichelewa kiasi hichohicho, linavumilia zaidi, maana hata mtu anayekuita kutoka ng’ambo ya shamba unamwona kabla hujamsikia. Ukiwa na shaka, chelewesha sauti kidogo.

Vipimo navyo vibadilishwe kwenye skripti, si mbele ya kipaza sauti. Kilo 100 kwa hekta ni kama kilo 40 kwa ekari, na ekari ndiyo inayopimwa hapa. Idadi ya funza usiibadilishe mwenyewe. Ikipishana na maelekezo ya afisa ugani, msimulizi aseme hivyo picha ya shamba inapopita.

Kabla ya kufunga kazi, mtafute mkulima ambaye hajaiona makala. Msikilizishe sauti bila picha, kisha mwulize: ukikuta funza watatu kwenye mimea thelathini, unafanyaje? Akijibu kwamba anapiga dawa, rudi kwenye skripti, hata kama midomo imelingana barabara.