Somo la Anatomia: Kugeuza Mhadhara Kuwa Karatasi za Kuchora Bila Kuangalia

Wanafunzi wa uuguzi na utabibu katika mabewa ya KMTC ya Meru na Embu hufundishwa sehemu nyingi za mwili, lakini chache humgusa mkazi moja kwa moja kama makalio. Hapo ndipo mtu mzima huchomwa baadhi ya sindano za msuli, na hapo pia hupita neva ya siatiki, iliyo nene kuliko neva zote mwilini. Sindano ikiijeruhi, mgonjwa anaweza kubaki na maumivu, ganzi au mguu unaoburuta unyayo. Kwa hiyo haitoshi mwanafunzi kuitambua neva hiyo kwenye picha ya kitabu. Ni lazima aweze kuiweka mahali pake akiwa na karatasi tupu.

Kazi huanza jioni ya siku ile ile ya mhadhara. Mwanafunzi husoma maandishi yake na kuchagua mchoro mmoja tu, kisha huorodhesha majina yasiyozidi manane. Kwa makalio, sita yanatosha: ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, sakramu iliyo mwisho wa mgongo, mfupa wa kukalia, nundu kubwa ya nje ya mfupa wa paja, msuli wa pirifomisi na neva ya siatiki. Kando ya kila jina huandikwa jina rasmi kama mhadhiri alivyolitamka, kwa sababu ndilo litakaloulizwa kwenye mtihani.

Kisha hutayarishwa karatasi tatu za kalio la kulia likionekana kwa nyuma.

1. Ya kwanza ina mifupa, msuli na neva, na mistari sita yenye nambari bila majina. Kila mstari uishie juu ya kitu chenyewe, si karibu nacho.
2. Ya pili ina mifupa pekee. Mwanafunzi huchora msuli na neva, kisha huandika majina yote.
3. Ya tatu ina alama nne tu za nukta, moja kwa kila mfupa. Mengine yote hutoka kichwani.

Majibu huwekwa kwenye karatasi nyingine, na orodha ya majina haiwekwi chini ya mchoro. Ikiwapo, jina la mwisho litajulikana kwa sababu ndilo lililobaki, si kwa sababu mwanafunzi analijua.

Katika karatasi ya tatu, mwanafunzi huanza na mifupa. Huchora pirifomisi kutoka sakramu hadi nundu ya paja. Chini ya ukingo wa msuli huo huitoa neva ya siatiki, kisha huishusha takriban katikati ya mfupa wa kukalia na nundu ya paja. Mwisho hugawanya kalio kwa msalaba. Mstari wa wima hushuka kutoka sehemu ya juu kabisa ya ukingo wa nyonga, na wa mlalo hupita katikati ya ukingo huo na mfupa wa kukalia. Ikiwa mchoro ni sahihi, neva iko katika robo za chini, na robo ya juu ya nje iko mbali nayo. Iwapo neva imeingia robo hiyo, kosa si la mkono mbaya wa kuchora. Uhusiano wa mifupa haujaeleweka.

Kusahihisha hufanywa kwa kalamu nyekundu baada ya kumaliza, si katikati ya kazi. Jina lililosahaulika linahitaji kurudiwa tu. Kitu kilichowekwa pasipo pake kinahitaji kurejelea kitabu na kuchorwa upya. Kurudia kufanywe kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Kuna mtego mmoja. Baada ya kurudia mara kadhaa, mwanafunzi huweza kukariri kwamba nambari sita ni siatiki bila kujua iko wapi. Dawa yake ni kubadilisha nambari, au kuchora kalio la kushoto. Anayeshindwa kugeuza upande alikuwa amekariri karatasi, si mwili.

Karatasi pia ina mipaka. Kwa baadhi ya watu, sehemu ya neva hupenya ndani ya pirifomisi badala ya kupita chini yake. Watoto wachanga nao huchomwa pajani, upande wa mbele na nje, si kwenye makalio. Kwa sababu hiyo, hatua inayofuata mchoro ni kuitafuta mifupa hiyo minne kwa vidole, mbele ya mkufunzi, kabla ya kushika sindano.