Kubadilisha Wosia Uliokwisha Kutiwa Sahihi: Nyongeza Yatosha Lini, na Wosia Mpya Wahitajika Lini?

Wosia ulioandikwa leo unaweza kukaa miaka ishirini kabenini kabla ya kusomwa. Katika muda huo mwenye wosia huuza ploti na kununua nyingine, hupata wajukuu, humpoteza ndugu aliyemteua kutekeleza wosia, au hufunga ndoa. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inamruhusu kubadilisha au kufuta wosia wake wakati wowote maadamu ana akili timamu. Jambo ambalo sheria hiyo hairuhusu ni kuubadilisha kwa njia yoyote atakayo. Somo hili linaeleza njia mbili zinazokubalika, yaani nyongeza ya wosia na wosia mpya, na namna ya kuchagua kati yake.

Kabla ya kuendelea, Waislamu wazingatie kwamba mirathi yao huongozwa na sheria ya Kiislamu na si kanuni zinazoelezwa hapa. Maswali yao yapelekwe kwa Kadhi au kwa wakili anayeifahamu sheria hiyo.

Kalamu haitoshi

Kosa la kawaida ni kuutoa wosia, kukata jina moja kwa kalamu, kuandika jingine juu yake na kuurudisha mahali pake. Badiliko la namna hiyo halina nguvu yoyote kisheria, isipokuwa mwenye wosia ametia sahihi karibu nalo, na mashahidi wawili nao wametia sahihi zao kana kwamba ni wosia mpya. Asipofanya hivyo, mahakama itayatekeleza maneno ya awali yaliyokatwa, ikiwa bado yanasomeka, na kuyapuuza yaliyoandikwa juu.

Maneno ya mdomo nayo hayafuti maandishi. Mgonjwa anaweza kuwaambia watoto wake kando ya kitanda cha hospitali kwamba amebadili nia kuhusu shamba, na wote wakasikia. Hata hivyo, wosia wa mdomo hauwezi kuufuta wosia ulioandikwa, na pale unapopingana na maandishi ambayo hayajafutwa, maandishi ndiyo yanayoshika.

Nyongeza ya wosia ni nini?

Nyongeza, ambayo baadhi ya mawakili huiita kodisili, ni hati fupi inayoutaja wosia uliopo na kueleza kinachoongezwa, kinachoondolewa au kinachobadilishwa. Haisimami peke yake. Husomwa pamoja na wosia, na hati hizo mbili huhesabiwa kuwa wosia mmoja.

Ufupi wake usikufanye udhani kwamba masharti yake ni mepesi. Nyongeza hutiwa sahihi na kushuhudiwa sawasawa na wosia wenyewe. Utatia sahihi au alama yako mwishoni. Mashahidi wasiopungua wawili watakuona ukitia sahihi, au watasikia kutoka kinywani mwako kwamba sahihi hiyo ni yako. Kisha kila shahidi atatia sahihi yake mbele yako. Sheria haiwadai mashahidi hao wawepo kwa wakati mmoja, lakini kuwakusanya pamoja huzuia maswali ya baadaye. Wala si lazima wawe wale wale walioushuhudia wosia wa kwanza.

Shahidi asiwe mtu anayepewa chochote katika hati hiyo, wala mume au mke wa mtu huyo. Akiwa ndiye, zawadi aliyoachiwa yeye au mwenzi wake hubatilika, isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi waliotia sahihi pia. Ndiyo maana binti anayeachiwa ploti hapaswi kuitwa kushuhudia, hata kama ndiye peke yake aliyeko nyumbani siku hiyo.

Mfano: mama na mjukuu wake

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu mstaafu, mjane anayeishi Nakuru, alitia sahihi wosia wake mwaka 2015. Aya ya 2 ilimteua kaka yake kuwa mtekelezaji wa wosia. Aya ya 3 ilimpa binti yake ploti iliyoko mjini. Aya ya 4 ilisema hivi: “Shamba langu la ekari tatu nampa mwanangu wa kwanza. Mali yangu nyingine yote iliyosalia, pamoja na akiba yangu ya benki, nampa mjukuu wangu ninayemlea, kwa ajili ya masomo yake.”

Mwaka 2019 kaka yake alifariki. Hapa nyongeza ilitosha kabisa, kwa kuwa jambo la kubadilishwa lilikuwa moja, halikugusa mgawo wa mali, na lingeweza kuelezwa kwa sentensi chache:

“Hii ni nyongeza ya kwanza ya wosia wangu wa tarehe 6 Machi 2015. Katika aya ya 2, namwondoa kaka yangu ambaye amefariki, na badala yake namteua dada yangu kuwa mtekelezaji wa wosia. Katika mambo mengine yote nauthibitisha wosia wangu.”

Tazama sehemu tatu za maandishi hayo: tarehe ya wosia unaobadilishwa, namba ya aya inayoguswa, na uthibitisho kwamba mengine yote yanabaki. Nyongeza inayokosa mojawapo huacha mwanya wa ubishi.

Mwaka 2022 mama huyo aliamua kwamba shamba ligawanywe kati ya mwanawe wa kwanza na binti yake. Akaandika nyongeza ya pili: “Naifuta aya ya 4. Badala yake, shamba langu la ekari tatu wapewe mwanangu wa kwanza na binti yangu, nusu kwa nusu.” Mashahidi walikuwa sahihi, tarehe ilikuwepo, kila kitu kilionekana kukamilika.

Isome tena aya ya 4. Haikuhusu shamba pekee, bali ilibeba pia zawadi ya mjukuu. Kwa kuifuta yote na kurudisha nusu yake tu, mama huyu amelifuta fungu la mali iliyosalia bila kukusudia. Akifariki, akiba ya benki itagawanywa kana kwamba hakuacha wosia juu yake, na kwa kuwa yeye ni mjane, itakwenda kwa watoto wake. Mjukuu ambaye mzazi wake yu hai hatakuwa na fungu katika mgawo huo. Njia itakayombakia ni kuiomba mahakama imtambue kuwa tegemezi aliyekuwa akilelewa na marehemu, na hilo lina gharama, lina muda, na uamuzi uko mikononi mwa hakimu au jaji.

Kosa hili halionekani kwa kuisoma nyongeza peke yake. Linaonekana tu hati zote zinapowekwa mezani pamoja. Basi kabla ya kutia sahihi nyongeza yoyote, andika upya kwenye karatasi ya kando jinsi kila aya inayoguswa itakavyosomeka baada ya mabadiliko, na ulinganishe na ya zamani neno kwa neno. Kama zoezi hilo linakuchanganya wewe uliye hai na unayejua nia yako, litawachanganya zaidi watakaobaki.

Wakati wa kuandika wosia mpya

Mfano huo unaonyesha mpaka wenyewe. Nyongeza inafaa unapobadilisha jambo moja lililo wazi, kama vile kumteua mtekelezaji mwingine, kusahihisha namba ya hatimiliki, au kuongeza zawadi ndogo. Mgawo wenyewe wa mali unapobadilika, hasa fungu la mali iliyosalia, wosia mpya ni salama zaidi. Vivyo hivyo ikiwa tayari ipo nyongeza moja na unafikiria ya pili. Hati tatu zinazosomwa pamoja ni nafasi tatu za kupingana, na nyongeza iliyopotea hupotea pamoja na matakwa yaliyomo.

Ndoa ni jambo la pekee. Ukifunga ndoa baada ya kutia sahihi wosia, wosia huo hufutika wenyewe kwa sheria, isipokuwa ulisema waziwazi kwamba uliandikwa kwa kutazamia ndoa na mtu uliyemtaja. Baada ya hapo nyongeza haina kitu cha kushikilia, kwa sababu wosia uliofutika wote haurudishwi kwa nyongeza. Lazima utiwe sahihi na kushuhudiwa upya. Aliyefunga ndoa aandike wosia mpya.

Ipo pia sababu ya kifamilia. Wakati wa kuthibitisha wosia, hati ya awali na nyongeza zake zote huwasilishwa mahakamani. Ikiwa mwaka 2015 ulimpa mwanao shamba lote na baadaye ukampunguzia, nyongeza itaonyesha mbele ya ndugu zake alichokuwa amepewa na alichonyang'anywa. Wosia mpya husema tu uamuzi wako wa mwisho.

Kuufuta wa zamani bila kubaki mikono mitupu

Wosia mpya uanze kwa maneno haya au yanayofanana nayo: “Naufuta wosia wangu wowote wa awali pamoja na nyongeza zake zote.” Bila maneno hayo, familia inaweza kujikuta na hati mbili, kila upande ukishikilia ile inayoupendelea.

Sheria inakuruhusu pia kuufuta wosia kwa kuuchoma, kuuchana au kuuharibu kwa nia ya kuufuta. Lazima ufanye hivyo wewe mwenyewe, au mwingine kwa maagizo yako. Kuchana nakala ya fotokopi huku hati halisi ikiwa kwa wakili hakufuti kitu.

Muhimu zaidi ni mpangilio wa hatua. Usiuharibu wosia wa zamani kabla ule mpya haujatiwa sahihi na kushuhudiwa. Ukifariki katikati, utakuwa umefariki bila wosia. Hata baada ya kutia sahihi, ni busara kumwuliza wakili kama wa zamani uhifadhiwe. Ikiwa mtu atadai siku moja kwamba ule mpya ni batili, au kwamba akili yako haikuwa timamu ulipouandika, wa zamani unaweza kuonyesha kwamba nia yako ilikuwa ile ile kwa miaka mingi.

Hatimaye, nyongeza wala wosia mpya havimzuii mke, mume, mtoto au tegemezi mwingine kuiomba mahakama fungu la kutosha pale alipoachwa bila matunzo yanayofaa. Ikiwa unamwacha nje mmoja wao kwa sababu maalumu, kwa mfano ulikwisha kumpa ardhi ukiwa hai, iandike sababu hiyo ndani ya wosia. Kisha hifadhi hati halisi zote mahali pamoja, na umwarifu mtekelezaji wa wosia ni hati ngapi na ziko wapi.