Bei ya Belo Si Bei ya Nguo

Tuseme umenunua belo ya mtumba Gikomba, blauzi 100, kwa shilingi 12,000. Usafiri na ada za kutuma pesa zimekula 800. Wengi hugawa 12,000 kwa 100, wanapata 120, kisha wanaposti kwa grupu ya WhatsApp kwa 150. Hapo ni hasara.

Fungua belo kwanza, uhesabu. Kama 20 zina madoa au zimeraruka, zinazouzika ni 80. Gawa 12,800 kwa 80: kila blauzi imekugharimu 160. Ukiuza 150, unapoteza shilingi 10 kwa kila mteja.

Pokea malipo kwa laini ya biashara pekee. Mauzo yakipita 12,800, ndipo faida yako inaanza. Zile za fagia, hata ukiziuza 30, ni nyongeza tu.