Taa za Kuzama Darini: Tundu, Joto na Mahali pa Draiva

Wakazi wengi wanaoweka dari za jipsamu katika nyumba na maduka yao huchagua taa za LED zinazozama darini. Taa ikishawekwa, kinachoonekana ni mduara mweupe tu. Mwili wake, nyaya na draiva, yaani kile kiboksi kinachobadilisha umeme wa volti 240 ili uifae LED, hubaki juu ya dari, chini ya mabati. Ndiyo maana kosa la siku ya kuweka taa huweza kukaa miezi mingi bila kuonekana.

Kazi huanza na tundu. Kwenye boksi la taa huwa kuna vipimo viwili: upana wa uso wa taa na upana wa tundu. Fundi hukata kwa kipimo cha pili. Chukua mfano wa taa ya wati 6 yenye uso wa milimita 120, inayohitaji tundu la milimita 105. Uso huo unazidi tundu kwa milimita 15, hivyo ukingo wa taa hufunika milimita 7.5 kila upande. Tundu likikatwa milimita 115, ukingo hubaki na milimita 2.5 tu. Taa ikisogea kidogo pengo huonekana, na springi zake hukosa mahali pa kushika. Tundu dogo laweza kupanuliwa, lakini kubwa huhitaji kiraka. Kwa hivyo ni vyema kujaribu kwanza kwenye kipande cha jipsamu kilichobaki.

Kabla ya kukata dari yenyewe, umeme huzimwe kwenye mein swichi. Kisha fundi atoboe kitundu kidogo katikati ya alama, apenyeze waya mgumu uliokunjwa pembeni, na kuuzungusha. Ukigonga mbao, chuma cha fremu au paipu ya nyaya, alama isogezwe.

Jambo la pili ni joto. LED haichomi kama balbu ya zamani, lakini joto lake hutoka kwa nyuma na lazima lipate hewa. Maelezo ya mtengenezaji husema nafasi inayotakiwa kuachwa. Ikiwa taa yetu ya mfano ina kimo cha milimita 40 na maelezo yanataka milimita 50 za hewa juu yake, basi kutoka dari hadi kitu kilicho juu kuwe na angalau milimita 90. Penye milimita 60 tu, taa hiyo haifai, na mwenye nyumba atafute iliyo nyembamba zaidi. Pamba au sponji ya kuzuia joto la mabati isifunike taa, isipokuwa maelezo yake yanaruhusu.

Draiva ndiyo huteseka zaidi. Juu yake huandikwa alama `ta`, yaani kiwango cha juu cha joto la hewa inayoizunguka. Ikisomeka `ta 45°C`, hewa ya darini isizidi nyuzi 45. Duka lililo kando ya barabara ya Mombasa pale Salama, likiwasha taa saa nane mchana chini ya mabati yaliyopigwa na jua, huipa draiva kazi ngumu kuliko nyumba inayowasha usiku. Kipimajoto kikiwekwa darini saa hiyo kitatoa jibu kabla pesa hazijatumika.

Kwa hivyo draiva isilazwe juu ya taa, isiguse mabati, wala isining'inie kwa nyaya zake. Iwekwe kando ya taa, mbali kadiri waya wake unavyofika, mahali pakavu penye hewa, na miungo ya nyaya iwe ndani ya boksi lenye kifuniko. Pia iweze kupita kwenye tundu la taa, kwa sababu ikiharibika ndimo itakamotolewa bila kubomoa dari. Mpya ilingane na ya zamani kwa `mA` na volti za kutoa. Taa ya `300 mA` ikiungwa kwenye draiva ya `600 mA` itaungua mapema.

Taa inayowaka vizuri, ikazima baada ya muda na kurudi ikishapoa, mara nyingi inalalamikia joto. Jipsamu ikigeuka rangi ya kahawia kuzunguka taa, au harufu ya plastiki ikisikika, mein swichi izimwe na fundi aitwe kabla ya kuwasha tena. Kazi ya nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona kabla ya tundu la kwanza kukatwa.