"Mwanangu, Hili Taulo Katumia Nani?"

Kibao cha kwanza nilichobandika kwenye vyumba vya gesti yetu ya Mbagala, Temeke, nilikitafsiri neno kwa neno kutoka kadi ya Kiingereza ya hoteli moja ya mjini: OKOA SAYARI. TUMIA TENA TAULO LAKO. USIPOTEZE MAJI. Haikupita wiki, mzee mmoja akashuka mapokezi na taulo mkononi.

"Mwanangu, hili taulo katumia nani kabla yangu?"

"Hakuna, baba. Limetoka kufuliwa leo."

"Sasa mbona mmeandika nitumie tena?"

Alikuwa na haki. Mgeni wa gesti huingia chumbani akikagua shuka na taulo, na neno "tena" lilimthibitishia hofu aliyokuja nayo. Isitoshe, maneno yote matatu yalikuwa amri, na la mwisho lilimshitaki kabla hajafungua bomba.

Kwanza nilijaribu kuongeza "tafadhali". Haikusaidia. "Tafadhali usipoteze maji" bado ni karipio, ila limevaa kanzu. Kwa Kiswahili adabu haikai kwenye neno moja. Hukaa kwenye umbo la kitenzi, na katika nani anaanza kutenda. Nikaandika upya hivi:

*Karibu, mgeni wetu.*
*Taulo hili limefuliwa kwa ajili yako, na ni lako mpaka siku utakayoondoka.*
*Ukilitundika nyuma ya mlango, tutajua bado unalihitaji. Ukiliweka kwenye tenga, tutakuletea jingine.*
*Maji tunayotumia ni ya tangi. Ukiona bomba linavuja, tuambie mapokezi. Ahsante kwa kututunzia.*

Angalia mambo matatu.

Anza na ulichofanya wewe. Mstari wa pili unajibu swali la yule mzee kabla halijaulizwa. "Limefuliwa kwa ajili yako" humpa mgeni usafi, na "ni lako" huondoa wazo la kuchangia taulo na mtu mwingine. Neno "tena" halipo kabisa.

Tumia "uki-" badala ya "usi-". "Ukilitundika… ukiliweka…" ni njia mbili, na mgeni anachagua. Hakuna aliyekatazwa. Kadi za nje husema taulo chafu litupwe sakafuni. Mimi nimeweka tenga, maana wageni wetu wengi huona haya kumtupia mhudumu kitu chini aje ainame kukiokota.

Taja sababu iliyo karibu. Sayari iko mbali, tangi liko juu ya paa. Mkazi wa Dar aliyepitia mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, hahitaji kuelezwa maji ni nini. Kwetu mataulo mawili makubwa hula ndoo tatu hivi za lita 20, kufua na kusuuza. DAWASA wakikata, ndoo hizo zinatoka kwenye boza la kununua.

Kuna mbinu nyingine maarufu: kuandika kwamba wageni wengi hutunza mataulo yao. Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius waliijaribu katika hoteli moja Marekani na kuchapisha matokeo 2008. Kadi ya kawaida ya mazingira ilifuatwa na wageni 35 hivi katika kila 100. Iliyotaja wageni wenzao ilifikia 44. Lakini jaribio kama hilo lililofanywa Ujerumani na kuchapishwa 2014 halikuona faida hiyo. Kwa hiyo usiandike "wageni wetu wengi" kama hujawahesabu. Huo utakuwa uongo ukutani.

Kisha kuna kosa ambalo maneno hayalitibu. Baada ya kubadilisha kibao, mataulo ya kufua hayakupungua. Nilipofuatilia nikakuta wageni wanatundika, na mhudumu anayachukua yote kila asubuhi kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Mgeni akiona hivyo mara moja tu, hakiamini tena kibao. Nikakaa na mhudumu tukakubaliana: lililotundikwa haliguswi. Pia nikabadilisha msumari mmoja kwa fimbo ndefu, kwani kwa joto na unyevu wa Dar taulo lililokunjamana kwenye msumari hulala bichi na kuamka linanuka, na hakuna lugha tamu itakayomfanya mtu ajifutie hilo.

Ukitaka kujua kama kibao chako kinafanya kazi, wahesabu wageni wanaolala zaidi ya usiku mmoja peke yao. Wa usiku mmoja taulo lake litafuliwa tu, hata ungeandika nini. Andika kwenye daftari, kila asubuhi, mataulo mangapi yako kwenye tenga na mangapi yametundikwa, kwa wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kubandika.

Na kabla ya kubandika, mpe mtu mzima asiyejua biashara yako akisome kwa sauti. Akisita au akikunja uso mahali, futa hapo uandike upya.