Kufuma esharpe: kuhesabu uzi kwanza, kisha kutanda kwenye kadre

Wandugu wanamemba, mama mingi wa vikundi vyetu wanajua kutrikoti kofia za watoto na tayari wanauliza namna ya kufuma esharpe, kile kitambaa kirefu cha shingo. Kazi yenyewe si ngumu. Penye watu wanapotezea franga ni pa kununua uzi bila hesabu: uzi unaisha katikati ya kazi, mtu anarudi sokoni, anakuta rangi ya leo hailingani na ile ya mwezi uliopita. Njo sababu somo hili linaanza na kalamu, si na mbao.

Tujue kwanza majina mawili. Nyuzi za urefu, zile tunazivuta juu ya kadre kabla ya kufuma, tunaziita mtande. Uzi unaopita kwa upana, kwenda na kurudi, tunauita mshindio.

Kadre yetu ni mbao nne tu zilizofungwa kwa vis, urefu metre 1 toka ukingo wa juu mpaka ukingo wa chini, na nafasi ya ndani santimetre 40 kwa upana. Watu wengi wanapigilia misumari juu na chini, wanapitisha uzi toka msumari hadi msumari. Kwa mfuko mdogo ni sawa, lakini esharpe haiwezi kupita urefu wa kadre, na metre 1 ni fupi kwa shingo ya mtu mzima. Sisi tunaacha misumari. Tunazungusha uzi kadre nzima, mbele na nyuma, sawa vile mtu anafunga kamba kwenye sanduku. Hivyo kadre ya metre 1 inatupa mtande wa zaidi ya metre 2, na tukifuma tunautelezesha kidogo kidogo ili sehemu ya nyuma ije mbele. Mbao ya juu na ya chini zipigwe msasa mpaka ziwe laini na kona zake ziwe za mviringo, vinginevyo uzi utakwama.

Sasa hesabu. Chukua rula na uzi wako wa sweta, uzungushe kwenye rula, nyuzi zikae karibu karibu bila kubanana wala kupandana, mpaka ujaze santimetre 5. Tuseme umehesabu mizunguko 20. Ni 4 kwa kila santimetre. Gawa kwa mbili: mtande wako utakuwa nyuzi 2 kwa santimetre. Tunagawa kwa mbili kwa sababu kati ya uzi na uzi wa mtande lazima kubaki fasi ya mshindio kupita. Ukiweka zote 4, kitambaa kitasimama kama mkeka, hakitalala shingoni.

Tunataka esharpe ya upana wa santimetre 20. Lakini kitambaa kinajivuta kikifumwa, na kinapungua tena kikifuliwa, basi tunaongeza sehemu moja ya kumi: santimetre 22. Mara 2, tunapata nyuzi 44. Kwenye kila ukingo tunaongeza uzi mmoja, ule wa mwisho uwe wa mbili mbili, kwa kuwa ukingo njo unasuguliwa zaidi. Jumla ni nyuzi 46.

Urefu wa kila uzi usiukisie. Weka kwanza vijiti viwili vyembamba juu ya mbao ya juu, halafu zungusha kamba kadre nzima na uipime. Kwetu ni santimetre 210. Vijiti tutaona kazi yake mbele. Katika hizo 210, santimetre 30 za mwisho hazifumiki, kwa kuwa mkono hauna tena nafasi ya kufungua nyuzi. Hazipotei: zinakuwa shada, santimetre 15 kila upande. Zinabaki 180 za kufuma, na zikipungua sehemu moja ya kumi tunapata kitambaa cha karibu 160. Ni urefu mzuri.

Mtande: 46 mara 210 ni santimetre 9.660, yaani karibu metre 97. Tuandike 100, juu ya mafundo. Mshindio: tunapiga mistari 2 kwa santimetre, mara 180, ni mistari 360. Kila mstari unakula santimetre 24, kwa sababu uzi unapanda na kushuka, hauendi wima kama rula. Ni metre 86 hivi, tuandike 95. Jumla metre 195. Kama donge moja lina metre 100, madonge mawili yanatosha kwa shida. Kikundi kinachotaka esharpe kumi kinunue 21, siku moja, kwa muuzaji mmoja.

Ile sehemu moja ya kumi si sheria ya uzi wote. Fuma kwanza kipande kidogo cha santimetre 10 kwa 10 kwenye kartoni, ukifue, ukaushe, ukipime. Kikibaki 8, ongeza zaidi.

Kutanda ni hivi. Andika kwa kalamu alama za kila santimetre kwenye mbao ya juu na ya chini. Funga uzi kwenye mbao ya chini, zungusha, na kila alama ipate nyuzi mbili. Usivute kwa nguvu. Ukivuta, mbao inajikunja kidogo kidogo, na nyuzi za kwanza zinalegea wakati za mwisho zinakaza. Mafundo yote, hata ya kubadili rangi, yawe kwenye mstari ule ule wa chini, maana hapo njo patakuwa shada. Ukimaliza, pitisha kiganja juu ya mtande: uzi unaozama ni mlegevu. Anza na uzi wa kwanza, vuta ulegevu toka uzi hadi uzi mpaka wa mwisho, halafu funga tena.

Ingiza kartoni kati ya mtande wa mbele na wa nyuma, ili usije ukaokota nyuzi za nyuma. Pitisha ubao mwembamba laini, juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata. Zile mbili za ukingo zihesabike kama moja. Nyuzi zilizo chini ya ubao, zifunge kwa vitanzi kwenye fimbo. Ukisimamisha ubao, nusu inafunguka. Ukiulaza na kuinua fimbo, nusu ingine.

Kila santimetre 10 pima upana. Ukiona umepungua zaidi ya santimetre moja na nusu, unavuta mshindio: uache ulale kama upinde mwepesi kabla ya kuupiga chini. Na mtande ukikaza hata ubao hausimami tena, hiyo si kosa. Kufuma kunakula urefu. Chomoa kijiti kimoja cha juu. Cha pili kibaki mpaka karibu na mwisho.

Zikibaki santimetre 30, kata katikati yake, uzi mbili mbili, ukifunga fundo pale pale kabla ya kukata zingine. Ukikata zote kwa mara moja, mistari ya mwisho itafumuka mikononi mwako.